Tazama Hatua, Si Ukubwa: Mbio za n¹⁰, 2ⁿ na n!

Weka n iwe 10, kisha linganisha namba mbili. Ya kwanza ni n¹⁰, yaani kumi kumi zikizidishwa pamoja: inatoka bilioni 10. Ya pili ni 2ⁿ, yaani mbili kumi zikizidishwa pamoja: inatoka 1,024 tu. Ya kwanza ni karibu mara milioni 10 ya mwenzake. Sogeza n hadi 14 na hali inazidi kuwa mbaya kwa yule mdogo. Sasa n¹⁰ imepita bilioni 289, na 2ⁿ imejikokota hadi 16,384. Pengo limefika zaidi ya mara milioni 17. Anayetazama namba hizi kwa macho atasema shindano limekwisha.

Halijakwisha. N ikifika 59, 2ⁿ inatangulia, na tangu hapo haipitwi tena. N ikiwa 100, n¹⁰ ni 1 yenye sufuri 20 nyuma yake, lakini 2ⁿ ina tarakimu 31, na ni kubwa zaidi ya mara bilioni 12.

Mwanafunzi wa hisabati anapoanza kusoma vikomo, yaani kuuliza namba fulani inaelekea wapi n inapokua bila mwisho, hukutana na mashindano ya namna hii karibu kila ukurasa. Huku juu ya mstari wa sehemu kuna n iliyopandishwa kipeo, huku chini kuna 2ⁿ au n!, na anaulizwa sehemu hiyo inaishia wapi. Wengi huanza kukokotoa: wanaweka 5, wanaweka 10, wanaweka 20, wanatazama majibu na kubashiri. Mfano wa n¹⁰ unaonyesha kwa nini njia hiyo haiaminiki. Kwa hatua 14 za kwanza ushahidi wote ulikuwa unaelekeza upande usio sahihi, tena kwa nguvu iliyokuwa inaongezeka.

Kinachotakiwa kutazamwa si ukubwa wa namba bali hatua yake: ukitoka n kwenda n + 1, namba inazidishwa kwa ngapi? Nitakiita hicho kizidisho cha hatua, na karibu yote yanayofuata yanatoka humo.

Kwa 2ⁿ jibu ni rahisi. Kizidisho ni 2 leo, ni 2 kesho, ni 2 daima. Kwa n¹⁰ mambo ni tofauti. Kutoka 10 kwenda 11, namba inazidishwa kwa 1.1 iliyopandishwa kipeo cha 10, ambayo ni kama 2.59. Hiyo inashinda 2, ndiyo maana pengo lilikuwa linapanuka. Lakini kutoka 14 kwenda 15 kizidisho kimeshuka hadi kama 1.99. Hapo ndipo mkondo unapogeuka, ingawa hakuna jicho linaloweza kuona hivyo, kwa kuwa ndiyo hatua ambayo n¹⁰ imemwacha mwenzake mbali kuliko wakati mwingine wowote. Kutoka 100 kwenda 101 kizidisho ni kama 1.10. Kinaendelea kushuka kuelekea 1, na hakirudi juu. Tangu hatua ya 14, 2ⁿ inafidia deni lake kidogo kidogo, na ifikapo 59 imelimaliza.

Hoja hiyo haitegemei 10 wala 2. Kipeo kikiwa 1,000 badala ya 10, kizidisho cha hatua bado kinashuka kuelekea 1, kwa sababu n ikiwa kubwa sana, tofauti kati ya n na n + 1 ni ndogo mno kiasi kwamba hata ukiizidisha yenyewe mara 1,000 haifui dafu. Vivyo hivyo, 2 ukiibadilisha kwa 1.01, kizidisho kinabaki 1.01 milele, na siku moja 1 na ushei kidogo ya yule mwingine itateremka chini ya hapo. Siku hiyo huweza kuchelewa. Mbele ya n¹⁰, namba 1.01ⁿ huanza kufidia baada ya hatua ya 1,000 hivi, na haitangulii hadi n ipite 9,000. Hata hivyo inatangulia.

Hapo tumepata ngazi mbili. Ngazi ya chini ni ya polinomia, zile ambazo n ndiyo inayopandishwa na kipeo chake kimetulia: n, n², n¹⁰, n¹⁰⁰⁰. Ngazi ya juu yake ni ya eksponensia, ambazo msingi umetulia na kipeo ndicho kinachokua: 1.01ⁿ, 2ⁿ, 100ⁿ. Ndani ya kila ngazi kuna wakubwa na wadogo, lakini mdogo kabisa wa ngazi ya juu, almradi msingi wake unazidi 1, humshinda mkubwa kabisa wa ngazi ya chini.

Juu ya hizo kuna faktoria. Alama yake, n!, ilianza kutumiwa na Mfaransa Christian Kramp mwaka 1808, na maana yake ni zao la namba zote kuanzia 1 hadi n. Kwa hiyo 5! ni 1 × 2 × 3 × 4 × 5, yaani 120. Kizidisho chake cha hatua hakishuki wala hakitulii: kutoka 5! kwenda 6! unazidisha kwa 6, kutoka 99! kwenda 100! unazidisha kwa 100. Kizidisho chenyewe kinapanda bila kikomo. Basi mpe mpinzani msingi wowote, 100 au milioni; siku n itakapoupita msingi huo, faktoria itaanza kufidia, na itamaliza. Mbele ya 100ⁿ, faktoria inabaki nyuma zaidi na zaidi hadi hatua ya 100, kisha inaanza kurudi, na inatangulia n ikiwa 269.

Ngazi hizi zinatosha kujibu swali la kutisha kwa sekunde chache. Chukua sehemu ambayo juu yake kuna 3·n! + 7ⁿ + n²⁰ na chini yake kuna 5·n! − 100ⁿ. Inaelekea wapi n inapokua? Mwenye kuzijua ngazi hatazami vipande vidogo. Juu, mwenye nguvu ni n!. Chini, mwenye nguvu ni n! vilevile. Gawanya kila kipande kwa n!, juu na chini. Kila kisichokuwa faktoria kinageuka kuwa sehemu inayonywea hadi sufuri, na kinachobaki ni 3 juu ya 5. Kikomo ni 0.6.

Sasa angalia kinachompata anayetumia jedwali. N ikiwa 10, n²⁰ ni 1 yenye sufuri 20, na 100ⁿ nayo ni hivyo hivyo. Vingine vyote ni vidogo mbele yao. Sehemu inatoka karibu kabisa na −1. N ikiwa 50, 100ⁿ iliyo chini imekwisha kuwafunika wote, na sehemu ni hasi ndogo kiasi kwamba ina sufuri 35 baada ya nukta kabla ya tarakimu ya kwanza kuonekana. N ikiwa 100 ni ndogo zaidi. Mwanafunzi makini, aliyejaza jedwali lake kwa uaminifu hadi 100, ataandika kwamba kikomo ni sufuri, na nani atamlaumu? Lakini n ikiwa 266 sehemu hiyo imefika kama −1.07. Hatua moja tu baadaye, 267, imerukia kama 1.44, kwa kuwa chini ya mstari 5·n! imeipita 100ⁿ na alama imegeuka kutoka hasi kwenda chanya. Kisha inateremka haraka. N ikiwa 300 ni 0.6, na tofauti iliyobaki haionekani kwenye skrini ya kikokotoo chochote cha mfukoni.

Tena kikokotoo cha kawaida cha sayansi kisingemfikisha huko. Vingi vyao hukomea kwenye namba zenye tarakimu 100, kwa hiyo hukubali 69! na hukataa 70!. Yaani chombo ambacho mwanafunzi anakiamini kinamwonyesha sehemu ile tu ya safari ambamo jibu si sahihi. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kufundisha ngazi hizi mapema, kabla ya kanuni ndefu za kutafuta vikomo: kuna maswali ambayo kukokotoa kwa mkono hakuwezi hata kuyakaribia, na ngazi zinayajibu kwa kutazama tu.

Kizidisho cha hatua kinafanya kazi kubwa zaidi tunapoanza kujumlisha. Mfululizo ni jumla isiyo na mwisho: kipande cha kwanza, jumlisha cha pili, jumlisha cha tatu, na kuendelea. Swali ni moja. Je, jumla hiyo inatulia kwenye namba fulani, au inakua bila kikomo? Chukua mfululizo ambao vipande vyake ni 10ⁿ/n!, kuanzia n ikiwa 0. Vipande vya mwanzo ni 1, 10, 50, 166.7 na kuendelea. Vinapanda hadi kufika kama 2,755.7 kwenye hatua za 9 na 10, ambazo zinalingana. Hapo jumla imepita 12,000 na hakuna dalili ya kutulia.

Lakini kizidisho cha hatua hapa ni 10 ikigawanywa kwa n + 1, nacho kinashuka daima. Baada ya hatua ya 10 kimekuwa chini ya 1. Baada ya hatua ya 20 kimekuwa chini ya nusu, na hapa ndipo hoja inapokamilika. Kipande cha 20 ni kama 41.1. Kinachofuata hakifiki nusu yake, kinachofuata hicho hakifiki robo, na kadhalika. Nusu, jumlisha robo, jumlisha thumni, ukiendelea bila mwisho unapata 1 kamili. Basi vyote vinavyobaki baada ya kipande cha 20, ingawa havina idadi, havizidi 41.1 kwa pamoja. Jumla imefungiwa, haiwezi kukimbia. Kwa kweli inatulia kwenye 22,026.47 hivi, ambayo ni namba e, 2.71828 na kuendelea, ikipandishwa kipeo cha 10.

Jean le Rond d'Alembert aliiandika hoja ya namna hii mwaka 1768, na mpaka leo jaribio hilo hubeba jina lake. Tafuta kizidisho cha hatua kinaelekea wapi. Kikielekea namba iliyo chini ya 1, mfululizo unatulia. Kikielekea namba iliyo juu ya 1, vipande vyenyewe vinakua, na jumla haiwezi kutulia. Ukishazijua ngazi, mara nyingi huhitaji hata kuandika hesabu hiyo. Faktoria chini na eksponensia juu: kizidisho kinaenda sufuri, mfululizo unatulia, na msingi uwe wowote ule. Geuza, faktoria juu na eksponensia chini: vipande vinalipuka. Polinomia juu na 2ⁿ chini, kama n¹⁰/2ⁿ: polinomia inachangia kizidisho kinachoelekea 1, 2ⁿ inachangia nusu, na jumla inatulia hata kama vipande vya mwanzo ni mamilioni.

Jaribio hili lina mahali linaponyamaza, na anayelitumia lazima apajue. Kizidisho kikielekea 1 yenyewe, halisemi chochote. Hilo hutokea kila vipande vinapokuwa polinomia juu ya polinomia, na ni wazi kwa nini: tumeona kwamba kila polinomia, kubwa au ndogo, ina kizidisho kinachoelekea 1. Jaribio haliwezi kutofautisha 1/n na 1/n². Ilhali hatima zao hazifanani kabisa. Jumla ya 1/n haitulii, ingawa inakwenda kwa mwendo wa kobe: inahitaji vipande 12,367 ili kupita 10, na zaidi ya milioni 272 ili kupita 20. Jumla ya 1/n² inatulia kwenye 1.6449 hivi, namba ambayo Euler aliitambua katika miaka ya 1730 kuwa ni mraba wa pai ukigawanywa kwa 6. Katika eneo hili kuna kanuni yake: vipeo vinavyozidi 1 hutuliza jumla, 1 yenyewe na vilivyo chini yake havitulizi. Ukiona polinomia tupu juu na chini, usipoteze muda na kizidisho. Toa kipeo cha juu kutoka cha chini uone kinachobaki.

Mahali pa pili pa hatari ni pazuri zaidi, na ningependa tukae hapo kidogo. Juu ya faktoria kuna ngazi nyingine, nⁿ, ambapo msingi na kipeo vyote vinakua. Kwamba inaishinda faktoria ni rahisi kuona. Katika n! unazidisha 1, 2, 3 hadi n. Katika nⁿ unazidisha n kwa idadi ileile ya mara. Kwa hiyo n!/nⁿ inaelekea sufuri. Mtu aliyekariri ngazi bila kuzielewa atafikiri kwamba pengo kati ya n! na nⁿ ni kubwa kama lile lililopo kati ya 2ⁿ na n!, kiasi kwamba eksponensia yoyote ikiongezwa upande wa n! haitabadilisha kitu. Basi mpe mifululizo miwili. Vipande vya kwanza ni 2ⁿ·n!/nⁿ. Vipande vya pili ni 3ⁿ·n!/nⁿ. Kwa kukariri, yote miwili ingetulia.

Tukokotoe. Kwa 2, vipande ni 2, 2, kisha 1.78, kisha 1.5, kwenye hatua ya 10 ni 0.37, na kwenye hatua ya 20 ni 0.024. Vinanywea kama inavyotarajiwa. Kwa 3, vipande ni 3, 4.5, 6, kisha 7.6, kwenye hatua ya 10 ni 21.4, na kwenye hatua ya 20 ni 80.9. Vinakua. Mfululizo wa kwanza unatulia na wa pili hautulii, na tofauti yao ni 2 na 3 tu.

Kizidisho cha hatua kinaeleza sababu. Andika n!/nⁿ, andika inayofuata, gawanya. Faktoria inaleta n + 1 juu. Chini, kile kipeo kilichoongezeka kinaleta n + 1 nyingine. Hizo mbili zinafutana. Kinachobaki ni n/(n + 1) ikipandishwa kipeo cha n, ambayo ni sawa na 1 ikigawanywa kwa (1 + 1/n)ⁿ. Ile iliyo chini ni mojawapo ya namba maarufu kuliko zote katika hisabati: n inapokua, (1 + 1/n)ⁿ inaelekea e, yaani 2.718. Kwa hiyo kila hatua n!/nⁿ inapungua kwa kugawanywa na kama 2.718, basi. Pengo kati ya ngazi hizi mbili ni eksponensia moja tu. Ukiongeza 2ⁿ, kila hatua unazidisha kwa 2 na kugawanya kwa 2.718, na unapungua. Ukiongeza 3ⁿ, unazidisha kwa 3 na kugawanya kwa 2.718, na unakua. Mpaka upo kwenye e, katikati ya 2 na 3.

Faktoria hufanya hivyo pia zinapokutana zenyewe kwa zenyewe. Sehemu yenye (2n)! juu na n! mbili chini inaonekana kama mapambano ya majitu, lakini kizidisho chake cha hatua kinaelekea 4. Majitu yamefutana, na kilichobaki ni eksponensia ya 4ⁿ, ikipunguzwa kidogo na kipeuo cha pili cha n. Ndiyo maana ngazi hutumika pale tu ambapo mwenye nguvu yuko peke yake upande mmoja. Akiwa pande zote mbili, futa kwanza, ndipo uangalie nani amebaki.

Na e yenyewe ikiwekwa mahali pa 2 au 3? Kizidisho kinaelekea 1, na jaribio la d'Alembert linanyamaza. Hapa kinahitajika kipimo kikali zaidi, nacho kilipatikana mwaka 1730. Abraham de Moivre, Mfaransa aliyehamia London, alikuwa amekwisha kuona umbo la kanuni inayokadiria faktoria kubwa. James Stirling, Mskoti, akatambua namba iliyokosekana ndani yake. Kanuni hiyo inasema kwamba n! inakaribiana na (n/e)ⁿ ikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha 2πn. Mtu aliyefuata hoja ya hapo juu hatashangaa kuiona e ikiwa humo. Weka kanuni hiyo katika swali letu: eⁿ·n!/nⁿ inakaribiana na kipeuo cha pili cha 2πn. Hicho kinakua taratibu bila kikomo, kwa hiyo hata kwenye mpaka wenyewe mfululizo hautulii.

Jaribu kanuni ya Stirling kwa n sawa na 10. Inatoa 3,598,696 hivi, na jibu kamili ni 3,628,800. Imekosea kwa chini ya asilimia 1. Inaweza kurekebishwa. Ongeza sehemu moja ya 12n, ambayo hapa ni 1/120, na unapata 3,628,685: umekosea kwa 115 tu kati ya milioni tatu na nusu. Marekebisho hayo yanaendelea, kipande baada ya kipande, kila kimoja kikigawanywa kwa kipeo kikubwa zaidi cha n. Mtu angetarajia kwamba akiyajumlisha yote, bila mwisho, atapata n! kamili.

Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza ambaye leo jina lake limefungamana na nadharia ya uwezekano, aliona kwamba haiwezekani. Katika barua yake kwa John Canton, iliyochapishwa mwaka 1763 yeye akiwa amekwisha kufariki, alionyesha kwamba mfululizo huo wa marekebisho, ule unaokadiria logi ya n!, hautulii. Ngazi zinaonyesha sababu. N sasa imesimama, tuseme 10, na kinachokimbia ni nafasi ya kipande. Namba zilizo juu ya vipande hivyo hatimaye hukua kama faktoria ya nafasi hiyo. Zilizo chini ni vipeo vya namba iliyotulia, yaani eksponensia. Faktoria juu, eksponensia chini.

Ni sura ya 10ⁿ/n! iliyopinduliwa. Kule vipande vilipanda kwanza, kisha vikanywea milele. Huku vinanywea kwanza, kisha vinalipuka. Kwa n sawa na 10 vinaendelea kupungua hadi kipande cha 31 au 32 hivi, ambapo vimekuwa vidogo mno, na kuanzia hapo kila kinachoongezwa ni kikubwa kuliko kilichotangulia. Wanaokokotoa faktoria kubwa kwa kanuni hii huchukua vipande vichache vya mwanzo na kusimama, wakijua kwamba kosa lililobaki halizidi kipande cha kwanza walichokiacha.